Yusufu na Yusuph

Mtahiniwa, huenda orodha ya usajili wa mtihani imeshapita mikononi mwako ukaitupia jicho tu. Mimi jina langu lilijazwa na mwalimu. Aliandika "Yusufu", kama wengi wetu tunavyoliandika, ilhali cheti changu cha kuzaliwa kinasema "Yusuph". Nikasoma hadi chuo kikuu kwa jina la cheti cha kidato cha nne, na hakuna aliyeniuliza.

Nilihitimu shahada ya uhasibu, nikaanza kusubiri. Kampuni binafsi hazikujibu. Ofisi za umma zilitoa orodha za walioitwa kwenye usaili, na chini yake sentensi niliyoijua kwa moyo: ambaye hajaona jina lake atambue kuwa hakufanikiwa. Nilituma maombi kumi na manane. Mama alikuwa akiuliza kila jioni, "Mwanangu, hawajapiga?" Baadaye akaacha kuuliza, na hilo likaniuma zaidi.

Ombi la kumi na tisa liliniita Dodoma. Nilipanda basi usiku, bahasha ya vyeti halisi kifuani. Kabla ya usaili kuna meza ya uhakiki. Mama mmoja aliweka cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne bega kwa bega, akavitazama kwa muda.

"Mdogo wangu, hawa ni watu wawili."

Nilieleza, akanisikiliza, lakini mlangoni sikupita. Akachukua karatasi akaniandikia: nenda kwa wakili, aandae hati ya mabadiliko ya jina, isajiliwe, kisha uiambatishe na vyeti vyako. Hati isiyosajiliwa, akasema, usije nayo.

Nilikaa nje chini ya mwarobaini, nimekasirika. Kisha nikagundua kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka miwili nilikuwa nimekataliwa na kuambiwa sababu. Sababu ina dawa; kimya hakina. Sisemi kwamba herufi hizo ndizo zilizoninyima zile kumi na nane. Nyingine zilikuwa nafasi mbili tu, nasi tulikuwa mamia.

Kwako wewe jambo hili bado ni rahisi. Kabla usajili haujafungwa, iombe shuleni orodha ya watahiniwa, uilinganishe na cheti chako cha kuzaliwa herufi kwa herufi: majina yote, mpangilio wake, na jina la kati lisiwe herufi moja na nukta. Ukiona tofauti, mwambie mwalimu siku hiyo hiyo. Cheti kikishachapwa, utamhitaji wakili, ada na wiki za kungoja.

Hati yangu ilitoka ikiwa na muhuri wa msajili. Nikatuma ombi la ishirini, nikaiambatisha. Juzi orodha imetoka, nami nimo. Usaili ni Jumatatu. Mama ameshapiga pasi shati, na ameanza tena kuuliza.