Kwa Nini Picha ya Kwanza Haikuonyesha Ufa

Katika nyumba yetu ya malezi, mtu akisema anaumwa huaminiwa, lakini karatasi ya hospitali huaminiwa zaidi. Ndiyo maana frateri mwenzangu alipata shida mwaka ule. Mguu ulimuuma, karatasi ikasema mfupa hauna tatizo, na kipindi cha kazi za mikono kikawa kinaendelea. Baadhi ya wenzetu walianza kunong'ona kwamba anakwepa jembe.

Alikuwa mkimbiaji wetu wa mbio ndefu. Kwa wiki kadhaa alikuwa akijiandaa kwa michezo, akikimbia kila jioni kwenye barabara ngumu ya changarawe. Maumivu yalianza juu ya wayo, nyuma ya kidole cha pili. Mwanzoni yalikuja akikimbia na kuondoka akipumzika. Baadaye yakabaki hata akitembea kwenda kanisani. Hakuwa ameanguka wala kujikwaa. Siku ya nane tangu maumivu yaanze, nilimsindikiza kupiga eksirei, na picha ikatoka safi.

Daktari hakuridhika na picha peke yake. Alipitisha kidole kimoja juu ya wayo, akibonyeza polepole, mpaka akafika katikati ya mfupa wa pili. Hapo tu, mahali padogo kama sarafu, frateri alivuta mguu. Daktari akamwambia asikimbie, avae kiatu chenye soli ngumu isiyokunjika, arudi baada ya wiki tatu. Kisha akatueleza sababu.

Mfupa hauko kama fimbo kavu. Kila tunapoukanyagia, hupata nyufa ndogo mno, na mwili una chembe zinazochimba sehemu iliyochakaa na nyingine zinazojaza mfupa mpya. Wachimbaji humaliza kazi yao kwa wiki chache, lakini wajenzi huhitaji miezi. Mkimbiaji asipopumzika, mashimo huongezeka kabla hayajajazwa, na nyufa ndogo huungana kuwa ufa. Mfupa wa pili wa wayo huumia mara nyingi kwa sababu ni mrefu na mwembamba, na shina lake limebanwa kati ya mifupa mingine, hivyo hauna nafasi ya kukwepa mzigo.

Eksirei huonyesha hasa madini ya chokaa yaliyo katika mfupa. Ufa ule ni mwembamba kama unywele na vipande havijaachana, kwa hiyo chokaa bado iko karibu vilevile. Tiba nayo imeshaanza: utando unaofunika mfupa umeamka na kuanza kutandaza malighafi ya mfupa mpya. Lakini malighafi hiyo ni laini, haina chokaa bado, na mionzi huipita. Huchukua wiki mbili, tatu au zaidi kabla haijakomaa kiasi cha kuonekana. Wengine hawaonyeshi chochote hata baadaye. Kipimo cha MRI huweza kuona mapema, kwa kuwa huonyesha maji yanayokusanyika ndani ya mfupa, lakini kwetu kilikuwa mbali na ghali.

Jambo hili ni la zamani kuliko eksirei yenyewe. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prusia, Breithaupt, alieleza habari za askari waliovimba miguu baada ya kutembea mwendo mrefu. Chanzo hakikuonekana mpaka baada ya Röntgen kugundua mionzi hiyo mwaka 1895, ndipo ikajulikana kwamba ilikuwa mifupa ya wayo.

Tuliporudi, picha ya pili ilionyesha kitu kama wingu jepesi lililouzunguka mfupa wa pili pande zote mbili. Frateri alihuzunika: "Daktari, kumbe sasa umevunjika kabisa!" Daktari akacheka. "Hapana, Frateri. Hili unaloliona si jeraha, ni kiraka. Ufa ulikuwepo tangu ile siku ya kwanza."

Alitupa maonyo mawili. La kwanza, daktari asiyeambiwa habari za mbio anaweza kuliona wingu lile akadhani ni uvimbe mbaya wa mfupa; mgonjwa na aeleze historia yake yote. La pili, si kila ufa wa mguu hupona kwa kupumzika tu. Maumivu ya juu katikati ya mguu, karibu na kifundo, au ya ukingoni nyuma ya kidole kidogo, yanahitaji bingwa wa mifupa mapema, maana huko ufa hupona kwa shida.

Mwenzetu alipumzika wiki saba tangu siku ya kwanza ya daktari. Aliporuhusiwa kukimbia, kidole kilibonyezwa tena mahali palepale na hakuvuta mguu. Alianza kwa kutembea na kukimbia kwa zamu, kwenye nyasi za uwanja. Uvimbe mdogo mgumu ulibaki juu ya mfupa ule, na bado anaweza kuupapasa.