Simu Si Mbaya, Unaituma Dukani Mara Mingi Sana

Wasee, kuna ushauri mmoja unazunguka kila mahali watu wanatengeneza gemu: ati simu ikikwama, punguza pembetatu. Mimi nasema pima kwanza, kwa sababu nimeona huo ushauri ukikaribia kumkosesha msee pesa yake.

Beshte wangu alipewa kazi ya kutengeneza steji ya matatu ya 3D inayofunguka kwa brauza, kwa kutumia three.js. Mteja alikuwa wazi: nusu ya pesa inabaki hadi kitu itembee poa kwa simu ya elfu kumi, maana hizo ndizo wateja wake wako nazo. Kwa laptopu ilikuwa inateleza. Kwa simu ilitoa kama fremu 18 kwa sekunde, unazungusha kamera inakuja kwa vipande. Akapunguza pembetatu nusu. Bado 18.

Hapo ndipo unafaa kushuku kitu kingine. Tukafanya jaribio moja rahisi: tukaandika `renderer.setPixelRatio(0.5)`, yaani GPU ipake robo tu ya pikseli. Picha ikawa na ukungu, lakini fremu hazikupanda. Ukipunguza pembetatu na pikseli na hakuna kitu inabadilika, GPU haijachoka. Inangoja. Anayechelewa ni CPU, yule anayeipa kazi.

Fikiria umemtuma mtoto dukani alete mayai 20, lakini unamtuma yai moja moja. Yai si zito. Safari ndiyo inamaliza siku. Kila kitu kwa steji yako chenye umbo lake na materiali yake ni safari moja: CPU inaandaa mambo, inaiambia GPU "chora hii", halafu inarudi kuanza tena. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, uko na milisekunde 16.7 za kumaliza safari zote. Idadi ya safari unaisoma hivi, mwisho wa kila fremu:

```
console.log(renderer.info.render.calls)
```

Kamera ikitazama steji nzima, ilisema 762. Tukahesabu zinatoka wapi. Vibanda 50, kila kimoja vipande 6, hizo ni 300. Nguzo za taa 80. Mawe ya ukingo wa barabara 200. Matatu 12, kila moja vipande 15, hizo ni 180. Ongeza ardhi na anga.

Tulianza na rahisi. Mawe 200 ni jiwe moja limerudiwa, na nguzo ni vilevile. Hapo unatumia `InstancedMesh`: unaipa GPU umbo moja na orodha ya mahali pa kuliweka, inachora yote kwa safari moja. Safari 280 zikawa 2. Tukafika 484.

Vibanda vilikuwa na kichwa ngumu. Kila mwenye kibanda ana rangi yake na bango lake, kwa hivyo kulikuwa na materiali 300. Huwezi kuunganisha maumbo yawe safari moja kama kila moja linavaa nguo yake. Lazima kwanza yavae nguo moja. Tulichukua picha moja ya 2048 kwa 2048, tukaigawa vyumba 64 vya pikseli 256, na mabango yote 50 yakaingia. Chumba kimoja tukakiacha cheupe kabisa. Kuta, paa na milango zikaelekezwa kwa hicho cheupe, halafu rangi yenyewe ikaandikwa kwa ncha za umbo na `vertexColors: true`. Nyeupe ikizidishwa na rangi inatoa rangi ileile. Sasa vibanda vyote viko na materiali moja.

Kila bango liachie nafasi pembeni, pikseli kadhaa zilizojazwa rangi ya ukingo wake. Usipofanya hivyo, kwa mbali picha ikipunguzwa, bango la kinyozi linaanza kuvuja rangi ya bango la mutura.

Halafu ndio unaunganisha maumbo kwa `mergeGeometries`. Kabla ya hapo, kila umbo lazima libebe mahali pake:

```
mesh.updateWorldMatrix(true, false);
const g = mesh.geometry.clone();
g.applyMatrix4(mesh.matrixWorld);
```

Ukiruka hiyo, utaona vibanda vyote vimerundikana katikati ya steji. Na kama umbo moja liko na `uv` na lingine halina, utarudishiwa `null`, hakuna kitu kinachorwa.

Kuna tamaa ya kuunganisha vyote 300 viwe 1. Usifanye. three.js huruka vitu vilivyo nje ya kamera, lakini kitu kimoja kikubwa kikionekana kona tu, chote kinachorwa. Tuligawa vibanda vikundi 5 kulingana na upande wa steji. Safari 300 zikawa 5, tukafika 189.

Matatu zinatembea, kwa hivyo hazingii kwa rundo moja na vibanda. Lakini ndani ya matatu moja, bodi ni kitu kimoja na vioo ni kitu kimoja. Magurudumu yote 48 yakawa `InstancedMesh` moja. Hiyo ni bodi 12, vioo 12, magurudumu 1. Kama magurudumu yanabaki nyuma gari likienda, umesahau `instanceMatrix.needsUpdate = true`. Jumla mpya: 34.

Sasa kuna mpangilio. Safari 34 hazifanani bei. Kubadilisha materiali katikati ni kama mtoto kutoka duka moja kwenda lingine, kisha kurudi kwa lile la kwanza. three.js inapanga vitu visivyopenya mwanga kwa materiali kwanza, halafu wa karibu kabla ya wa mbali. Kwa hivyo bodi 12 zinapaswa kutumia materiali ileile kabisa. Materiali mbili zinazofanana kwa macho lakini zimeundwa mara mbili, kwake ni maduka mawili.

Vioo havina hiyo bahati. Rangi yake inachanganywa na kilicho nyuma, lazima vichorwe kutoka mbali kuja karibu, hata kama hiyo inamaanisha kubadilisha materiali ovyo. Ndio maana mabango, ambayo yalikuja yakiwa na `transparent: true` bila sababu, tuliyazimia. Yakibaki hivyo, vibanda vizima vingehamia kwa foleni ya vioo.

Simu ileile ikapanda hadi karibu fremu 50. Shida moja ikabaki: mteja alitaka ukigusa kibanda uone bei zake, na sasa vibanda 10 ni kitu kimoja. Dawa ni kuweka orodha ya kila kibanda kinaanza na kuisha kwa pembetatu gani, kisha kulinganisha na `faceIndex` unayopewa na `Raycaster`. Kazi ya jioni moja, na nusu ya pesa ikaingia.

Lakini kama ile `setPixelRatio(0.5)` ingepandisha fremu, kazi hii yote ingekuwa bure, maana hapo anayechoka ni GPU. Fanya hilo jaribio kwanza, ndio ujue unamtibu nani.