Shusha Mdomo wa Chini Kwanza

Ng'ombe hana meno ya mbele kwa juu. Wengi waliokulia Nairobi hawaamini mpaka waonyeshwe. Juu kuna ufizi mgumu tu, kama soli ya kiatu, na chini kuna meno manane ya kukatia majani. Mbuzi na kondoo ni vilevile. Kwenye mnada, hayo manane ndiyo cheti cha kuzaliwa, kwa sababu wanyama wengi wa kienyeji hawana karatasi yoyote na umri unaotajiwa ni ule unaomfaa anayeuza.

Nililiona hili Bondo, siku Mama alipopokea zamu yake ya chama na kutaka mtamba, yaani jike ambaye bado hajazaa. Alikuwa na Sh45,000 na hakuwa na nyingine. Tulienda na Babu, ambaye mwenyewe hakuwa na meno sita ya chini. Aling'olewa akiwa kijana, kama ilivyokuwa desturi ya Wajaluo wa zamani. Nilicheka kimoyomoyo: mtu asiye na meno ndiye anaenda kuyasoma.

Broka alituletea jike mwekundu, manyoya yanang'aa. Mvua ndefu zilikuwa zimetoka kuisha, na msimu huo kila ng'ombe hunona. "Jaduong', huyu ni msichana kabisa," alisema. "Miaka miwili na nusu, hajazaa hata mara moja."

"Nyathina, mshike kichwa," Babu akamjibu.

Huhitaji kumpanua ng'ombe mdomo. Mwenzako anashika pembe na pua, wewe unashusha mdomo wa chini kwa kidole gumba, basi. Vidole usivipeleke nyuma kwenye magego, labda kama umevichoka.

Unachotafuta ni ukubwa. Meno ya utoto ni madogo, membamba na meupe kama maziwa. Ya ukubwani ni mapana kama koleo na yana unjano kidogo. Hubadilika jozi kwa jozi, kuanzia katikati kwenda pembeni. Jozi ya kwanza hutoka ng'ombe akiwa na miaka miwili hivi, na wa kienyeji wanaweza kuchelewa miezi kadhaa zaidi. Baada ya hapo jozi nyingine huja kila baada ya nusu mwaka au mwaka, hadi yote manane yawe mapana akiwa na miaka minne au mitano.

Jike mwekundu alikuwa na manane mapana. Si hivyo tu, jozi ya katikati ilikuwa imelika mpaka juu pamekuwa bapa, na nafasi zilikuwa zimeanza kuonekana kati ya meno. Babu alikadiria miaka saba, labda zaidi. Hakutaja namba moja kwa uhakika, na alikuwa sahihi: jozi zikiisha kutoka unabaki kusoma kulika tu, na malisho mafupi yenye mchanga hulisaga jino haraka kuliko majani marefu laini.

Kisha alisema jambo ambalo sikulitarajia. "Kama amezaa, umenidanganya. Kama hajazaa na ana meno haya, basi ni tasa, na hapo ni vibaya zaidi."

Broka akageukia pembe: eti tuangalie, hazina hata pete moja. Ni kweli kwamba jike akizaa pembe zake huweza kujiandika pete, lakini pembe inapigwa msasa, na jino si rahisi hivyo. Babu hakuzigusa.

Miaka mitano ya tofauti si kitu kidogo kwa mtu mwenye Sh45,000. Mtamba wa miaka mitatu ana miaka mingi ya kuzaa mbele yake. Yule mwekundu, hata kama angekuwa anazaa, angefika kiangazi cha Januari na meno yaliyokwisha, majani yakiwa mafupi kiasi cha kutoshikika. Huyo ndiye hukonda wa kwanza, hata kama mwezi Juni alikuwa mnono.

Kwa mbuzi na kondoo, usitumie kalenda ya ng'ombe. Wao wana haraka: jozi ya kwanza hutoka wakiwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa, na mdomo hujaa karibu na miaka minne. Mbuzi mwenye meno mawili mapana amepita mwaka, na ndiyo maana wanaonunua wa kuchinja Iddi humshusha mdomo, kwa sababu mbuzi wa mwaka haujatimia hafai.

Tulizunguka mpaka saa nane. Mtamba wa tatu alikuwa mweusi, mwembamba, hana sura ya kuvutia. Jozi ya katikati ilikuwa pana na imekamilika. Ya pili ilikuwa inachungulia, imekaa upande, bado haijafika usawa wa wenzake. Babu aliipapasa kuhakikisha ni jino jipya na si la utoto lililovunjika, kwa sababu kipande cha jino huwa na ncha kali na hakina upana. Akainama akakagua kiwele: kidogo, chuchu fupi. Karibu miaka mitatu.

Muuzaji alitaka Sh48,000. Mama alimpa Sh43,000, na Sh2,000 zilizobaki zikalipa gari la kumpeleka nyumbani.