Barua kwa Mwenye Daftari

Mtafiti anayetaka kuingia mtaani katika Mkoa wa Dar es Salaam hupita njia inayojulikana. Chuo humwandikia Katibu Tawala wa Mkoa, Mkoa humwelekeza wilayani au manispaa, manispaa humtuma kwa mtendaji wa kata, na kata humfikisha mtaani. Kila ofisi hugonga muhuri wake. Njia hiyo ni halali, na mtafiti asiyeipita hujitafutia taabu. Lakini iko milango ambayo mihuri hiyo yote haiifungui, na mmojawapo ni wa kabati la usharika.

Ninamsimamia mwanafunzi wa uzamivu anayechunguza namna ukanda wa Tegeta, Wazo na Boko ulivyojaa watu tangu kiwanda cha saruji cha Wazo kilipoanza uzalishaji mwaka 1966. Sensa humpa idadi ya watu, nayo haimwambii mengi kuhusu jumuiya walizoziunda walipofika. Kuhusu dini ndiyo iko kimya kabisa, kwa kuwa swali hilo halijaulizwa katika sensa zetu tangu ile ya mwaka 1967. Sharika za Kilutheri, kwa upande wao, huandika. Msharika anayehama huja na barua kutoka usharika wa awali, na jina lake huingizwa daftarini pamoja na mahali alikotoka. Watoto wake huingia katika daftari la ubatizo, kisha la kipaimara, kisha la ndoa. Kwa miaka mingi karani wa usharika amekuwa akiandika historia ya mji bila kukusudia.

Thamani ya kumbukumbu za aina hii imekwisha kuonekana kwa jirani zetu. Mwanahistoria wa uchumi Felix Meier zu Selhausen alitumia daftari za ndoa za Kianglikana nchini Uganda, zikiwemo za Kanisa Kuu la Namirembe, Kampala. Humo mlikuwa na kazi ya bwana harusi, kazi ya baba yake, na sahihi za maarusi. Aliyeweza kuandika jina lake alitofautishwa na aliyeweka alama tu, na kwa njia hiyo ikapatikana picha ya kusoma na kuandika miongoni mwa wanawake na wanaume wa enzi ya ukoloni, ambayo ripoti za serikali hazikuitoa.

Hata hivyo, daftari la Tegeta halifanani na daftari la Namirembe la mwaka 1900. Walioandikwa humo wapo. Mtoto aliyebatizwa mwaka 1994 leo ni mtumishi wa benki anayeimba kwaya Jumapili. Ikiwa nafasi ya jina la baba iliachwa wazi siku ile, bado iko wazi. Mihutasari ya baraza la wazee inaweza kuwa na majina ya waliotengwa na sababu zake, pamoja na tarehe waliyorudi kundini. Watu hawa walimwambia mchungaji mambo yao. Hawakumwambia msomi.

Ndiyo maana nilimwambia mwanafunzi wangu aiweke kando barua ya chuo yenye nembo na aandike yake. Barua yenye nembo, ikiwekwa mbele ya mzee wa kanisa, husomwa kama amri hata kama maneno yake ni ya ombi. Mzee huona mihuri, hukumbuka kwamba usharika wake una masuala ya kiwanja manispaa, na husema ndiyo. Ndiyo ya namna hiyo si ruhusa. Nembo ina kazi yake, nayo ni kuthibitisha kwamba mwombaji ni yule anayesema kuwa ndiye. Hukaa kama kiambatisho, baada ya ombi.

Kwa idhini yake, hii ndiyo sehemu kuu ya barua aliyoiandika:

"Mheshimiwa Mchungaji Kiongozi, Bwana Yesu asifiwe.

YAH: OMBI LA KUSOMA DAFTARI ZA UHAMISHO NA UBATIZO

Ninaomba, kupitia kwako, Baraza la Wazee liniruhusu kusoma daftari mbili za usharika: daftari la washarika waliohamia na daftari la ubatizo, kuanzia kumbukumbu ya kwanza hadi mwaka 2000. Siombi kusoma mihutasari ya baraza, kumbukumbu za nidhamu, wala daftari za sadaka na ahadi.

Katika daftari la uhamisho nitanakili mambo matatu tu: mwaka, usharika alikotoka msharika, na idadi ya watu wa kaya waliokuja naye. Katika daftari la ubatizo nitanakili mwaka na namba ya kaya. Nitahitaji kuyatazama majina ili nisiihesabu kaya moja mara mbili, lakini sitayaandika katika daftari langu. Kila kaya nitaipa namba. Orodha inayounganisha namba na majina itaandikwa kwa mkono, nakala moja, na itabaki katika kabati lenu. Mwisho wa kazi baraza litaamua kama itunzwe au ichomwe.

Nitasomea ofisini, katika saa ambazo karani yupo. Sitatoa kitabu nje, wala sitapiga picha ukurasa wowote.

Baraza lina haki ya kukataa, kukubali sehemu, au kunisimamisha baada ya kuwa nimeanza, bila kunieleza sababu. Nikisimamishwa kabla ya kuwasilisha tasnifu, nitayaondoa niliyokwisha kuyanakili.

Kabla ya kuwasilisha tasnifu nitaleta sura inayohusu usharika, kwa Kiswahili, na kuisoma mbele ya baraza. Vilevile nitawaachia faharasa ya daftari zote mbili kwa mwaka na ukurasa, ili karani anayetafuta kumbukumbu ya cheti asilazimike kupekua kitabu kizima.

Ninaomba uamuzi wa baraza, ukiwa wa kukubali au wa kukataa, uingizwe katika muhtasari wa kikao."

Msomaji ataona kwamba barua hii haisifu utafiti. Inataja kitabu gani, miaka ipi, safu ipi, na nini hakitaguswa. Ombi la "kutumia nyaraka za usharika" lingemlazimu mchungaji kukubali asichokijua. Ombi la safu tatu za daftari moja analiweza, kwa sababu anaweza kulifungua daftari, akaziangalia safu hizo, na kujiuliza nani ataumia zikisomwa.

Sentensi ya mwisho ndiyo niliyoisisitiza zaidi. Wachungaji huhamishwa. Ruhusa iliyotolewa kwa mdomo baada ya ibada huondoka pamoja na aliyeitoa, na mrithi wake akimkuta mgeni juu ya vitabu ana haki ya kumtoa. Ruhusa iliyo katika muhtasari ni ya usharika wenyewe. Dalili kwamba jambo halijakaa sawa ni jibu lile la upole, "Njoo tu, mwanangu, hamna shida." Mtafiti makini hushukuru, kisha husubiri kikao. Katika parokia ya Kikatoliki angesubiri zaidi, maana Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inamtaka paroko ahakikishe vitabu vya parokia haviingii mikononi mwa watu wa nje. Huko ni busara barua ielekezwe pia kwa ofisi ya askofu.

Sheria ya nchi nayo inahusika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu imani ya dini miongoni mwa taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi mkali zaidi. Daftari la usharika ni orodha ya imani za watu tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Anayelipiga picha kwa simu na kuipandisha picha mtandaoni amebeba dhamana ambayo huenda hajaifikiria.

Lakini kuficha majina peke yake hakutoshi, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Tuseme jedwali linaonyesha kwamba mwaka 1987 kaya moja tu ilihamia ikitoka Ukerewe, ikiwa na watu tisa. Namba ya kaya hiyo ni 46. Kila mzee wa Tegeta akiliona jedwali atasema, "Hao ni akina fulani." Namba imekuwa jina. Dawa yake ni kukusanya: badala ya mwaka mmoja, miaka mitano, badala ya usharika, mkoa, na kisanduku chochote chenye kaya chini ya tano kiunganishwe na kingine. Jedwali hupoteza ukali wake kidogo, na akina fulani hubaki na siri yao.

Iko pia mipaka ambayo barua nzuri haiwezi kuivuka. Daftari la uhamisho linamjua aliyekuja na barua. Aliyefika Tegeta akitafuta kibarua, asali mwaka mzima bila kujiandikisha, hayumo. Aliyehama kimyakimya bado anahesabiwa. Na Waislamu, wakiwemo Wazaramo wengi wa pwani hii ambao mizizi yao hapa ni mirefu kuliko ya kiwanda, hawamo kabisa. Kwa hiyo mwanafunzi wangu haandiki historia ya Tegeta kutoka kabati lile. Anaandika historia ya kundi moja la wahamiaji, na sura yake inasema hivyo katika ukurasa wa kwanza.

Baraza lilikaa na kujibu kwa maandishi. Lilikubali daftari la uhamisho lote. Daftari la ubatizo lililikubali hadi mwaka 1985 tu, kwa hoja kwamba waliobatizwa baada ya hapo wengi wao bado wanalea watoto humo humo usharikani na hawajaulizwa. Mwanafunzi alipoteza miaka kumi na mitano ya kumbukumbu, na sura moja ilibidi ifupishwe. Mwenzangu mmoja idarani alishauri tukate rufaa dayosisini. Sikukubali. Wazee wale walisoma barua, wakaelewa kilichoombwa, wakapima, na wakaweka mpaka mahali ambapo mimi mwenyewe nisingefikiria kuuweka. Tasnifu itaeleza kwamba takwimu za ubatizo zinakomea mwaka 1985, na itaeleza ni nani aliyeamua hivyo na kwa sababu gani.