Kina mama wa nyumbani katika faili langu la tasnifu

Wengi wetu tunaosoma huku huku tukifanya kazi hatuna nafasi ya kurudi nyumbani miezi mitatu kukusanya data. Mimi ni muuguzi, nilianza na diploma, na tasnifu yangu niliiandikia hapa Weston, nikitoka zamu ya usiku. Swali langu lilikuwa la nyumbani: ni akina mama wangapi Tanzania wanajifungulia kwenye kituo cha afya? Nikaomba ruhusa ya kutumia data ya utafiti wa kaya wa kitaifa, TDHS-MIS 2022. Faili likaja tayari, safi, maelfu ya wanawake. Nawaandikia ndugu mtakaopita njia hiyo, kwa sababu faili hilo ukilihesabu kama daftari la wodi, litakudanganya.

Utafiti ule ulichagua klasta 629 nchi nzima, na katika kila klasta kaya 26. Mikoa ni 31, na 5 kati yake iko Zanzibar, yaani karibu asilimia 16 ya mikoa yote. Kila mkoa ulihitaji kaya za kutosha ili uwe na takwimu zake. Lakini kwa sensa ya 2022, Wazanzibari ni kama asilimia 3 tu ya Watanzania. Kwa hiyo Visiwani wamo wengi ndani ya faili kuliko walivyo ndani ya nchi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kati ya wanawake 1,000 kwenye faili, 160 ni wa Zanzibar na 840 wa Bara. Jambo fulani linafanywa na asilimia 40 Visiwani na asilimia 80 Bara. Ukihesabu vichwa tu unapata karibu asilimia 74. Ukiwapa Visiwani nafasi yao halisi ya asilimia 3, unapata karibu 79. Hakuna aliyejibu uongo, ila sauti zimepimwa vibaya. Ndiyo kazi ya uzito: aliyekuwa na nafasi kubwa ya kuchaguliwa anahesabika kidogo, na aliyekuwa na nafasi ndogo anahesabika zaidi. Kwenye faili uzito huo ni `v005`, umeandikwa bila nukta, kwa hiyo kwanza ugawe kwa milioni moja.

Uzito unarekebisha asilimia, lakini haugusi jambo la pili, nalo ndilo linaloangusha tasnifu nyingi. Kaya 26 za mtaa mmoja hutumia zahanati moja, barabara moja, mara nyingi mkunga mmoja. Jirani wa pili anakwambia mengi uliyokwisha kuyasikia kwa wa kwanza. Tuseme mkoa mmoja una watoto 400 na asilimia 80 walizaliwa kituoni. Ukiwahesabu kama watu wasiohusiana, unaandika kati ya 76 na 84. Kufanana kwa majirani kukipunguza taarifa yako kwa nusu, ukweli ni kati ya 74 na 86. Kama lengo la mkoa lilikuwa 75, hesabu ya kwanza inatangaza ushindi ambao ya pili haiwezi kuuthibitisha.

Kwa hiyo programu iambiwe yote matatu: klasta, tabaka na uzito. Kwa R ni hivi:

```r
library(survey)
d$uzito <- d$v005 / 1000000
m <- svydesign(ids = ~v021, strata = ~v023,
               weights = ~uzito, data = d, nest = TRUE)
w <- subset(m, b19 < 24)
svymean(~kituoni, w, na.rm = TRUE)
```

Hapo `kituoni` ni safu uliyoitengeneza mwenyewe, 1 kwa aliyezaliwa kituoni na 0 kwa mwingine. Angalia mpangilio: muundo wote umetangazwa kwanza, ndipo nikachagua watoto waliozaliwa ndani ya miezi 24. Ukifuta wengine kabla, klasta zisizo na mtoto wa umri huo zinapotea, na programu haijui tena sampuli ilichorwaje. Asilimia haitabadilika, ila kiwango cha kosa kitapotoka.

Utajuaje umepatia? Kabla ya kugusa swali lako, rudia jedwali moja la ripoti rasmi. Ripoti ya 2022 inasema asilimia 81 ya watoto waliozaliwa hai katika miaka 2 kabla ya utafiti walizaliwa kituoni. Ukipata namba nyingine, tazama kwanza uzito, kisha miezi: ripoti za zamani zilihesabu miaka 5. Na kama mada yako ni ukatili wa majumbani, `v005` haikufai. Sehemu ile aliulizwa mwanamke mmoja tu kwa kaya, kwa hiyo ina uzito wake, `d005`.

Mwisho, uzito huu umesawazishwa ili jumla yake ilingane na idadi ya waliohojiwa. Unakupa asilimia. Haukupi idadi ya akina mama nchini, kwa hiyo msimamizi akiuliza "ni wangapi?", hiyo kaitafute kwenye sensa.