Barua 214, nafasi 2: namna ya kuchuja maombi bila kugombana

Leo siandiki juu ya funza wa vitumba. Kabla ya msimu mmoja wa pamba hapa Sapiwi, chama cha ushirika kilitangaza nafasi mbili za karani wa mizani. Zikaja barua 214. Mimi nilialikwa kwenye kamati ya watu watano kusaidia mchujo, na ninakueleza tulivyofanya ili siku kikundi chako kikiajiri karani au mlinzi usianzie sifuri.

Kosa la kwanza lilitaka kutokea kabla hatujafungua hata barua moja. Mjumbe mmoja alipendekeza sharti la lazima liwe "amewahi kuwa karani wa pamba". Wangebaki walewale wa kila msimu, na kijana au mama anayejua hesabu asingepata nafasi hata ya kuangaliwa. Jiulize hivi kwa kila sharti: mtu asipokuwa nalo, kazi haiwezi kufanyika kabisa? Kama inaweza, hilo si sharti, ni kigezo cha kupewa alama.

Tukabaki na masharti matatu ya ndiyo au hapana: ametimiza miaka 18, ana mdhamini anayejulikana kijijini, na barua imefika ndani ya tarehe. Hapo zilitoka barua 61, zikabaki 153.

Kisha tukachora jedwali la mchujo kwenye daftari. Kila mstari ni mwombaji mmoja, kwa namba, si kwa jina. Safu tatu ni vigezo, na kila kigezo kina alama 0, 1 au 2. Alama hiyo unaizidisha kwa uzito wa kigezo. Hesabu ina uzito wa 3, kwa sababu karani akikosea kujumlisha, mkulima ndiye anayeumia. Kutunza kumbukumbu ni 2. Kuishi karibu na kituo ni 1. Aliyepata zote ana 12.

Hesabu tuliipimaje kwenye barua? Tangazo lilimtaka kila mwombaji aandike jibu la swali hili: mkulima ameleta mifuko mitatu ya kilo 62, 58 na 71, kilo moja ni shilingi 1,000, anadai ngapi? Jibu ni 191,000. Aliyeonyesha njia na jibu sahihi alipata 2, aliyekosea kidogo 1. Ni kweli mtu anaweza kufanyiwa na kaka yake. Ndiyo maana siku ya usaili tuliuliza swali jingine ana kwa ana.

Usianze kusahihisha zote mara moja. Tulichukua barua 10, wawili wetu tukazipa alama kila mmoja peke yake, tukalinganisha. Kwenye kumbukumbu tulitofautiana barua 6. Mwenzangu alimpa 0 aliyeandika daftari la vikoba, mimi nilimpa 2. Basi tukaandika maana ya kila alama: 0 hajawahi, 1 ametunza daftari la duka au kikundi, 2 amefanya hivyo msimu mzima au zaidi na mdhamini anathibitisha. Tukarudia zile 10, tukatofautiana moja tu. Hapo ndipo tulipoendelea, na kazi ikaisha kwa siku moja.

Nilipofika namba 140 mkono wangu ulisita. Majina tulikuwa tumeyafunika kwa karatasi, lakini mwandiko niliujua: ni wa mpwa wangu. Nikawaambia wenzangu, barua nikampa mwingine. Alipata hesabu 1, kumbukumbu 2, ukaribu 1, yaani 3 + 4 + 1 = 8. Namba 87 alipata 2, 1 na 2, yaani 6 + 2 + 2 = 10.

Tulihitaji watu 10 wa usaili. Wa 10, wa 11 na wa 12 wote walikuwa na 9, tukawaita wote 12 badala ya kumkata mtu kwa bahati. Mpwa wangu akabaki nje kwa alama moja.

Jioni dada alikuja nyumbani, hakukaa hata kwenye kiti. "Mdogo wangu, wewe ulikuwa ndani, mwanangu amekosaje?" Sikuwa na maneno mazuri. Nilimwonyesha nakala ya mstari wa namba 140 na maana ya alama zile. Alisoma, akauliza, "Kumbe ni kujumlisha?" Nikamwambia ndiyo. Hakufurahi, lakini hakusema nimemnyima.

Kwa hiyo lile daftari usilitupe. Litunze mpaka msimu uishe, maana atakayekuja kuuliza anastahili kuona mstari wake.