ALIMCHANA SHANGAZI MEZANI, UKUMBI UKACHEKA. BARUA YA KUOMBA RADHI IKAMCHUKUA WIKI MBILI

Kijana ana miaka 24, anakaa Mbagala, na mtaani anajulikana kwa kuchekesha. Siku ya Krismasi familia nzima ilikutana kwa bibi yake. Pilau ilikuwa imeshaliwa, soda zinazunguka, watoto wako chini ya mwembe. Mjomba mmoja akasema, "Hebu tuchane kidogo bwana, si ndiyo kazi yako?"

Kijana akasimama. Akaanza na kaka yake na mshahara unaoisha tarehe tano, watu wakacheka. Akaenda kwa shemeji na kitambi chake, shemeji mwenyewe akapiga makofi. Kisha akageukia kwa shangazi, dada wa baba yake. Akasema shangazi ni daladala ya Mbagala, kila mtoto wa ukoo amepanda na kushukia kituoni kwake, ila hakuna hata mmoja wa kulala na gari.

Meza ililipuka kwa kicheko. Na shangazi alicheka pia. Kisha akainuka, akasema anaenda kuangalia chai jikoni. Chai ilikuwa imeshaletwa mezani muda mrefu. Alivyotoka jikoni alikuwa na mkoba begani, akaaga kwamba usafiri wa usiku ni shida, akaondoka saa kumi na mbili jioni.

Ili uelewe uzito wake inabidi ujue kidogo historia. Shangazi huyu ni mama ntilie Temeke. Kijana alikaa kwake tangu darasa la nne mpaka alipomaliza kidato cha nne, na ada ilitoka kwenye wali na maharage. Hana mtoto. Wengi kwenye ukoo wanajua hilo tu. Kijana alijua zaidi. Akiwa na miaka 11 ndiye aliyebeba kikapu cha nguo kumpeleka shangazi hospitali, na ndiye aliyerudi naye kwenye bajaji, kikapu kile kile, bila mtoto. Ilikuwa mara ya tatu. Shangazi alimwambia siku ile, "Hili libaki kwetu wawili." Na kweli lilibaki, miaka 13, mpaka siku ya pilau.

Kwa hiyo wengine walisikia utani wa mwanamke asiye na mtoto. Shangazi peke yake ndiye aliyesikia siri yake ikichezewa na mtu aliyemkabidhi.

Kesho yake kijana akatuma meseji: "Shangazi shikamoo, kama nilikukwaza jana naomba unisamehe, ulikuwa utani tu, unajua nakupenda sana." Tiki mbili zikawa za bluu. Jibu hakuna. Siku ya pili hakuna, ya tatu hakuna. Na kila siku saa saba mchana shangazi huwa anamtumia meseji ya neno moja, "Umekula?" Hiyo nayo ikakatika.

Ikabidi aende kwa bibi. Bibi hasomi, akamwambia amsomee hiyo meseji aliyotuma. Akasikiliza mara mbili, kisha akaichambua kama anachambua mchele.

"Umesema 'kama nilikukwaza'. Ina maana hujui kama ulimkwaza. Unajua au hujui?"

"Najua bibi."

"Basi hilo 'kama' ni la nini? Umesema 'utani tu'. Hapo unamwambia kosa ni lake yeye asiyejua kucheka. Halafu 'unajua nakupenda'. Mtu umempiga, unamdai akushukuru kwa mkono ule mwingine."

Kijana akajitetea kwamba kwao utani ni kawaida, hata bibi mwenyewe anamuita mume wake. Bibi akamjibu kwamba utani una wenyewe. Mjukuu na bibi ni watani. Shemeji ni mtani. Binamu ni mtani. Shangazi si mtani, shangazi ni baba yako aliyevaa kanga. "Wa kumtania wewe ni mtoto wa shangazi yako," bibi akasema. "Na huyo mtoto hayupo. Ndicho hicho ulichokichekea."

Kijana hakuongea kitu mpaka giza likaingia.

Akawaza amnunulie kanga nzuri yenye maneno ya kuomba msamaha. Bibi akakataa. Kanga inasoma mbele za watu, na yeye ameshasema ya kutosha mbele za watu. Pia akamkataza kwenda kugonga mlango. Ukimtokea mtu mlangoni unamlazimisha akukaribishe, maana mgeni hafukuzwi, na huo msamaha unakuwa wa adabu tu. Barua anaweza kuifungua akiwa tayari, na akitaka kulia hakuna anayemtazama.

Barua ya kwanza ilianza kama ile ya shuleni, "Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni", akaichana. Ya pili ilijaa stori ya jinsi alivyoshtukizwa na mjomba. Akaisoma akaona mjomba yumo mistari sita, shangazi miwili. Nayo akaichana. Ya tatu aliandika daladala yote upya ili aeleze ubaya wake, kisha akagundua anamchana mara ya pili, safari hii kwa maandishi. Iliyotumwa ilikuwa hivi:

"Shangazi, shikamoo.

Nilichosema mezani siku ya Krismasi ni kibaya na nilikuwa najua ni kibaya. Wengine hawakujua walichokicheka. Mimi nilijua. Uliniachia jambo la watu wawili nikiwa mtoto, na nilipokuwa mtoto nililitunza vizuri kuliko sasa.

Sikuambii ulikuwa utani. Wewe si mtani wangu, wewe ndiye uliyenilea. Naomba radhi.

Lile la wawili sijamwambia mtu na sitamwambia. Kwenye grupu la familia nitaandika kwamba nilikukosea heshima, bila kurudia maneno, kwa sababu walicheka wote na wanatakiwa kujua halikuwa la kuchekwa. Ukiona nisiandike, niambie, nitaacha.

Huna haja ya kunijibu.

Mwanao."

Akampa binti anayemsaidia shangazi kuosha vyombo, akiwa ameifunga vizuri kwenye bahasha. Akasubiri siku nne. Hakukuja katazo, akaandika kwenye grupu mistari miwili. Mjomba akajibu kwa kikatuni cha kucheka. Dakika chache baadaye akakifuta.

Shangazi alijibu wiki iliyofuata: "Barua nimepata. Umeandika ukweli. Bado inauma, usiniharakishe." Kijana akajibu, "Sawa shangazi," akaishia hapo, ingawa vidole vilimwasha kuongeza mengine.

Pasaka familia ilikutana tena. Shangazi alikuja, akakaa upande wa pili wa meza. Mtu akaomba kijana achane kidogo, akasema leo hapana. Hawakuongea sana wale wawili. Wakati wa kuondoka shangazi alimpa kontena la wali, akamwambia asisahau kulirudisha, maana vyombo vyake huwa havirudi.

Jumanne saa saba mchana simu ikalia. Neno moja.

Safari hii hakujibu "ndiyo" kama siku zote. Akachukua kontena lililooshwa, akapanda gari la kwenda Temeke.